Fundi kaongezewa pesa katikati ya kazi: je, anaweza kuzidai?

Wanjiru ni kontrakta. Amemwahidi mwenye jengo huko Pipeline kwamba nyumba kumi na mbili za kupangisha zitakuwa tayari kufikia tarehe 30 Novemba, na kila siku itakayopita baada ya hapo atakatwa KSh 10,000. Kazi ya vigae amempa fundi Musyoka kwa KSh 360,000, yaani elfu thelathini kwa kila nyumba. Musyoka anamaliza tano, kisha mwendo unaanza kusuasua. Vijana wake wawili wamehamia mjengo mwingine unaolipa vizuri, na ukipiga hesabu unaona kwamba bei aliyoikubali mwanzoni ilikuwa ya kujipunja. Wanjiru anaiona Novemba ikiyoyoma. Anamwita kando. "Fundi, hizi saba zilizobaki nitakuongezea elfu nane kila moja. Wewe nimalizie tu."

Musyoka anamaliza zote saba kwa wakati. Siku ya malipo anapewa elfu thelathini za kila nyumba na si zaidi. Akiuliza zile nane, Wanjiru anamjibu, "Kwani kazi si ile ile tuliyopatana?"

Nimesoma majibu mengi ya wanafunzi kwa maswali ya aina hii, na wengi huanguka mahali pamoja. Wanaandika kurasa mbili kuhusu pendekezo na kukubali, wanaongeza kwamba konsidaresheni ni kitu chenye thamani mbele ya sheria, halafu wanamaliza kwa kusema Musyoka amedhulumiwa na kwa hiyo alipwe. Huenda kweli amedhulumiwa. Lakini alichoulizwa mwanafunzi si kama Wanjiru ni mtu mzuri. Ameulizwa kama ile ahadi ya elfu nane ilinunuliwa, na ilinunuliwa kwa kitu gani.

Neno lenyewe, consideration kwa Kiingereza, halina Kiswahili kimoja kilichokubalika. Wengine huandika malipo, wengine badala. Mimi nitabaki na konsidaresheni kama inavyotamkwa darasani, na nikitaka maana yake nitasema bei ya ahadi. Maana hiyo si yangu. Mahakama ya Mabwana, iliyokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, iliikubali mwaka 1915 katika kesi ya Dunlop na Selfridge: kitendo au ahadi ya upande mmoja ndiyo bei ambayo kwayo ahadi ya upande wa pili inanunuliwa. Ukiisoma hivyo, mambo mawili yanajitokeza yenyewe. Mosi, sheria haijali kama bei ni ndogo. Karatasi tatu za kufungia chokoleti zilihesabiwa kuwa sehemu ya bei katika kesi ya Chappell na Nestlé mwaka 1960, ingawa kampuni ilizitupa baada ya kuzipokea. Pili, bei hutolewa kwa ajili ya ahadi. Kitu kilichofanywa na kumalizika kabla ahadi haijatamkwa hakiwezi, kwa kawaida, kuwa bei yake. Kama Wanjiru angetaja elfu nane siku ya kukabidhiana funguo, kazi ikiwa imekwisha, angekuwa anatoa bahshishi, na bahshishi haidaiwi mahakamani.

Kwa sababu hiyo huwa nawaambia wanafunzi wachore mstari wa tarehe kando ya karatasi ya majibu kabla ya kuandika neno lolote. Chini ya kila tarehe andika ahadi iliyotolewa siku hiyo, na mbele yake andika kile ambacho mwahidiwa alitoa, au aliahidi kutoa, ambacho hakuwa amekiahidi tayari. Kwa Musyoka mstari una vituo viwili tu. Siku ya kwanza: Wanjiru anaahidi 360,000, Musyoka anaahidi kuweka vigae nyumba kumi na mbili. Hapo hakuna shida. Siku ya pili: Wanjiru anaahidi nyongeza ya 56,000, na Musyoka anaahidi... kuweka vigae nyumba saba ambazo tayari zimo ndani ya zile kumi na mbili. Pale mkono unaposita usijue la kuandika, ndipo lilipo swali la mtihani.

Jibu la kwanza la sheria lilitoka baharini. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1809, mabaharia wa meli iliyotoka London kwenda Baltiki walipoteza wenzao wawili waliotoroka katika bandari ya Cronstadt. Nahodha alishindwa kupata wa kuziba nafasi, akawaahidi waliobaki kwamba watagawana mishahara ya watoro wakiirudisha meli nyumbani. Waliirudisha. Stilk, aliyekuwa na mkataba wa pauni 5 kwa mwezi, alidai fungu lake, na Jaji Ellenborough akamnyima. Hoja yake: mabaharia walipoanza safari walikwisha kujifunga kufanya kila wawezalo katika dharura zote za njiani, na kutoroka kwa wenzao wawili ni dharura mojawapo. Hawakutoa kipya, kwa hiyo ahadi ya nahodha haikuwa na bei.

Kesi hiyo ya Stilk na Myrick iliandikwa na waandishi wawili tofauti, na taarifa zao hazilingani. Mmoja anasema Stilk alishindwa kwa kukosa konsidaresheni. Mwingine anaweka uzito kwenye masilahi ya umma, kwamba mabaharia wakiruhusiwa kudai nyongeza katikati ya bahari watawageuza manahodha mateka. Taarifa ya kwanza ndiyo iliyoaminiwa baadaye, lakini hofu ya pili haikufa. Ikumbuke, maana itarudi na jina jipya.

Kabla hujambwaga Musyoka kwa Stilk, jiulize kama kazi ilibaki ile ile kweli. Mwaka 1857, katika Hartley na Ponsonby, mabaharia waliotoroka walikuwa 17 kati ya 36, na waliobaki wenye ujuzi kamili hawakuzidi watano. Kuendelea na safari kulikuwa hatari kiasi kwamba mkataba wa zamani haukuwabana tena. Walikuwa huru kukataa, kwa hiyo walipokubali walitoa kitu kipya, na nyongeza yao wakaipata. Watoro wawili ni usumbufu, watoro kumi na saba ni safari nyingine kabisa. Kwa Musyoka, kuondoka kwa vijana wawili hakukuifanya kazi ya vigae kuwa kazi nyingine. Ingekuwa tofauti kama Wanjiru angemwomba aongeze vigae vya ukutani bafuni ambavyo havikuwamo, au afanye kazi usiku ilhali mkataba ulisema mchana. Soma swali mara mbili ukitafuta kitu kidogo cha namna hiyo, kwa sababu watunzi hupenda kukificha katika nusu sentensi.

Tuseme hakuna. Kwa miaka mia moja na themanini hivi Musyoka angerudi nyumbani mikono mitupu. Kisha ikaja kesi ambayo, ukiisoma, utadhani mtunzi wa swali letu aliinakili na kubadilisha majina.

Kampuni ya Roffey ilikuwa na kandarasi ya kukarabati nyumba 27 katika jengo moja la London. Useremala ilimpa Williams kwa pauni 20,000. Bei ilikuwa ndogo mno, na Williams naye hakuwasimamia vizuri watu wake, akaishiwa pesa akiwa amekamilisha nyumba tisa. Roffey walikuwa na kifungu cha adhabu ya kuchelewa katika mkataba wao na mwenye jengo. Aprili 1986 walimwahidi Williams pauni 575 zaidi kwa kila nyumba atakayomaliza. Akamaliza nane nyingine, wakamlipa pauni 1,500 tu. Akaacha kazi, akashtaki.

Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimpa ushindi, na ripoti ya kesi ikachapishwa mwaka 1991. Majaji walisema Stilk bado ni sheria, ila wakabadilisha mahali pa kutazama. Badala ya kuuliza Williams alipoteza au aliongeza nini, waliuliza Roffey walipata nini. Waliepuka adhabu ya kuchelewa. Waliepuka gharama na usumbufu wa kutafuta seremala mwingine katikati ya kazi. Na mpango wa kulipa nyumba kwa nyumba uliwawezesha kuipanga kazi vizuri, maana awali Williams alikuwa akigusa hapa na pale. Hizo ni faida halisi, hata kama kisheria Roffey walikuwa wakistahili kazi hiyo tangu mwanzo. Faida halisi ikahesabiwa kuwa bei ya ahadi.

Jaji Glidewell aliweka masharti, na hapa ndipo alama zinapopatikana, kwa sababu kila sharti linataka ukweli wa kulishikia. Lazima uwe mkataba wa huduma au bidhaa: vigae ni huduma. Lazima mwahidi awe na sababu ya kutilia shaka kama kazi itamalizika: Wanjiru aliona vijana wawili wakiondoka na mwendo ukipungua. Lazima aahidi malipo ya ziada kwa sababu hiyo, na lazima apate faida au aepuke hasara kwa kweli: elfu kumi kwa siku ni hasara anayoweza kuitaja kwa kidole. Mwisho, ahadi isiwe imepatikana kwa udanganyifu wala kwa shinikizo la kiuchumi.

Sharti hilo la mwisho ndiyo ile hofu ya mateka wa baharini, imerudi. Jiulize nani alianza kuzungumza. Katika Roffey, kampuni yenyewe ndiyo iliyoona bei ni ndogo na kupendekeza nyongeza. Linganisha na Atlas Express na Kafco ya mwaka 1989. Kafco walikuwa wadogo, wanauza vikapu, na walikuwa wamepata oda kubwa ya duka moja maarufu kuelekea Krismasi. Kampuni ya uchukuzi ikagundua kwamba ilijikadiria vibaya, ikatuma lori tupu na karatasi ya bei mpya: saini, la sivyo dereva anaondoka na lori lake tupu. Kafco walisaini wakiwa hawana pa kugeukia. Mahakama ilikataa kuwalazimisha kulipa, kwa sababu ya shinikizo na kwa sababu hapakuwa na konsidaresheni.

Musyoka wetu hakutishia. Aliitwa kando, akaahidiwa. Basi, ukimwandikia mtahini, hitimisha kwamba ana hoja nzuri ya KSh 56,000 kwa msingi wa Williams na Roffey. Halafu geuza ukweli mmoja uone unachofanya kwenye jibu. Musyoka akija tarehe 27 Novemba asubuhi, vifaa vimefungwa kwenye gunia, akasema "elfu nane au natafuta matatu ya kwenda nyumbani," na Wanjiru hana fundi mwingine wa kumpata kwa siku tatu, umevuka kutoka Roffey kwenda Atlas. Maneno "nitakuongezea" ni yale yale, ila yametoka mahali pengine.

Hapa Kenya kuna jambo ambalo mwanafunzi hulisahau, nalo ni kueleza kwa nini tunazungumzia mabaharia wa Uingereza hata kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 2(1), inasema kwamba sheria ya mikataba ya mapokeo ya Uingereza, kama ilivyorekebishwa na kanuni za usawa, inatumika Kenya isipokuwa pale ambapo sheria iliyoandikwa imeelekeza vingine. Sentensi moja ya namna hiyo mwanzoni mwa jibu inatosha. Hukumu za sasa za London haziwafungi majaji wetu, huwashawishi tu, kwa hiyo Roffey iandike kama hoja yenye nguvu na si kama amri. Na ukikopa noti za rafiki anayesoma Dar es Salaam, kuwa mwangalifu. Sheria yao ya mikataba ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, ambayo Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 1961, na kuhusu jambo linalofuata majibu yanaweza kupishana kabisa.

Jambo lenyewe ni hili. Mtunzi hachoki. Sehemu ya pili ya swali inasema Wanjiru alikuwa na deni la KSh 200,000 katika duka la vifaa la Hassan, na siku ya kulipa ilikwisha kupita. Anampigia simu. "Mzee Hassan, mambo ni magumu." Hassan, mtu wa watu, anajibu: "Sawa mama, tuma laki moja na arobaini tumalizane." Anatuma dakika hiyo hiyo kwa M-Pesa. Miezi mitatu baadaye Hassan anadai elfu sitini zilizobaki.

Wanafunzi wengi huruka hapa na Roffey mkononi: Hassan alipata faida halisi, alipata pesa haraka bila wakili wala kesi. Hoja hiyo inavutia, lakini mbele yake kuna ukuta. Kwa Musyoka ahadi ilikuwa ya kulipa zaidi. Kwa Hassan ahadi ni ya kupokea pungufu, na kwa ahadi ya namna hiyo kuna kauli ya Mahakama ya Mabwana ya mwaka 1884, Foakes na Beer. Daktari Foakes alidaiwa na Julia Beer zaidi ya pauni 2,090 kwa hukumu ya mahakama. Wakaandikiana kwamba akilipa pauni 500 papo hapo na zilizobaki kwa mafungu ya nusu mwaka, Bi. Beer hatachukua hatua yoyote. Alilipa deni lote mpaka senti ya mwisho. Bi. Beer akarudi kudai riba, akashinda. Kulipa sehemu ya deni ambalo tayari unadaiwa hakununui msamaha wa sehemu iliyobaki. Mmoja wa majaji, Blackburn, alikiri kuwa na shaka, akisema wafanyabiashara huona kila siku kwamba kulipwa upesi kuna faida kuliko kung'ang'ania haki yote. Ni hoja ya Roffey, miaka mia moja kabla ya Roffey, lakini hakuisimamia.

Katika kesi inayoitwa Selectmove, iliyoripotiwa mwaka 1995, mahakama iliombwa kuihamishia Roffey kwenye madeni. Ilikataa, ikisema kufanya hivyo kutaiacha Foakes bila kazi yoyote, na mahakama ya chini haina ruhusa hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipata nafasi katika MWB na Rock, ikasema Foakes huenda imeiva kuangaliwa upya, kisha ikaamua kesi kwa njia nyingine. Mimi naona mgawanyo huu hauna mantiki. Elfu nane za nyongeza na elfu sitini za msamaha ni sarafu ile ile imegeuzwa. Ukifikiri hivyo pia, liandike katika mistari miwili, ila baada ya kutumia sheria kama ilivyo.

Wanjiru atatokaje? Kwanza atafute kitu kipya. Tangu kesi ya Pinnel ya mwaka 1602 inakubalika kwamba ukilipa pungufu lakini kabla ya siku, au mahali pengine kwa ombi la mdai, au ukiongeza kitu kingine, hata farasi, mwewe au joho, deni lote linafutika. Kama Hassan angesema "tuma laki na arobaini na uniachie ile mashine yako ya kukata vigae," mambo yangeisha, hata kama mashine ni kuukuu. M-Pesa yenyewe haisaidii. Katika D & C Builders na Rees ya mwaka 1965 ilisemwa kwamba kulipa kwa hundi badala ya pesa taslimu si kitu kipya, na sioni kwa nini simu iwe tofauti. Lakini kama kaka yake Wanjiru ndiye angelipa laki na arobaini kwa makubaliano ya kufunga deni, Hassan asingeweza kumgeukia Wanjiru. Na kama wangeandikiana hati rasmi ya msamaha, swali la konsidaresheni lisingeulizwa kabisa.

Pili, kanuni za usawa, zile zilizotajwa katika kifungu cha 2(1). Katika High Trees ya mwaka 1947, kodi ya jengo la London ilikuwa imepunguzwa kutoka pauni 2,500 hadi 1,250 kwa mwaka kwa sababu vita viliwakimbiza wapangaji. Jaji Denning alisema mwenye jengo hawezi kugeuka na kudai nusu ya miaka ile ya vita, kwa kuwa ahadi yake ilitegemewa, ila vita vilipokwisha na nyumba kujaa, kodi kamili ilirudi. Hiyo ndiyo estopeli ya ahadi. Ni ngao tu. Wanjiru anaweza kujikinga nayo dhidi ya Hassan, lakini Musyoka hawezi kuitumia peke yake kudai 56,000, na ndiyo maana kwake tulihitaji Roffey.

Ngao hiyo hupewa aliyekuja kwa mikono safi. Katika ile kesi ya D & C Builders, Bi. Rees alijua wajenzi wake wanakaribia kufilisika, akawaambia wachukue pauni 300 kati ya 482 au wakose zote, na Denning huyo huyo akamnyima. Kwa hiyo rudi kwenye simu ya Wanjiru na usikilize alichosema. "Mambo ni magumu" kumwambia mtu anayekujua, ikiwa ni kweli, kunamwacha na ngao mkononi, ingawa bado atatakiwa kuonyesha aliitegemea vipi ahadi ya Hassan, labda kwa kuitumia ile elfu sitini kulipa vibarua. Lakini kama wiki hiyo alikuwa amelipwa na mwenye jengo na alijua Hassan anasakwa na benki yake, Hassan ataondoka na elfu sitini zake.